Kapsheni ya oda za ofisi: sahani 12, advansi elfu 5

Swali: Shikamoo. Mimi niko Sinza, Dar es Salaam, napika chakula cha mchana na kupeleka maofisini, hasa Posta na Kinondoni. Pilau nauza 8,000 kwa sahani, vitu pamoja na kontena vinanigharimu kama 4,800. Wali kuku na ugali samaki nauza 9,000, gharama kama 5,000. Boda kwenda na kurudi ni 10,000, binti anayenisaidia namlipa 15,000 kwa siku. Watu wananiagiza sahani mbili mbili, na mmoja aliagiza ishirini nikapika, asubuhi hapokei simu. Nataka kapsheni ya Instagram na WhatsApp yenye kiwango cha chini na advansi, lakini nisionekane mkali nikawafukuza wateja. Niandikeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umenirahisishia kazi kwa kuleta hesabu zako, maana wengi huniletea maneno matamu tu: "chakula kitamu, safi, kwa bei nafuu, karibuni sana". Kapsheni ya oda za ofisi inaanzia kwenye daftari la jikoni. Tukishapata namba tatu, yaani kiwango cha chini, advansi na saa ya kufunga oda, maneno yatajipanga yenyewe.

Tuanze na kiwango cha chini. Kwenye pilau unabaki na 3,200 kwa kila sahani. Boda na binti ni 25,000, na hiyo inatoka hata ukipeleka sahani moja. Gawanya 25,000 kwa 3,200 unapata 7.8. Maana yake sahani nane za kwanza zinalipa boda na binti, wewe mwenyewe unaanza kuonja kitu kwenye sahani ya tisa. Hapo hatujagusa gesi, maji na sabuni. Ukiandika "kuanzia sahani 10", kama wengi wanavyofanya kwa sababu kumi inatamkika vizuri, unabaki na 7,000 kwa siku nzima ya kusimama jikoni. Kwa sahani 12 unabaki na 13,400.

Kuna sababu ya pili ya kupenda 12. Ofisini kuku anakwenda kwa robo, na kuku mmoja hutoa robo nne. Mtu akiagiza sahani kumi za wali kuku, unanunua kuku watatu na robo mbili zinakubakia. Akiagiza 12, kuku watatu wanaisha. Kwa hiyo weka 12 kwa oda nzima.

Ila hiyo 12 peke yake haikulindi, na hapa ndipo kapsheni nyingi zinavuja. Ofisi ya watu 12 itakuandikia: pilau tano, kuku watatu, samaki wawili, mmoja ugali na kuku, mmoja wali na samaki. Idadi imetimia, lakini umewasha sufuria sita kwa watu 12, na nusu ya faida imeishia kwenye gesi na mabaki. Weka kiwango cha pili, cha kila chakula: kisipungue sahani nne. Kwa sahani 12 mtu anaweza kuchagua vyakula vitatu, si zaidi. Utakuta kila ofisi ina mtu mmoja asiyekula nyama. Huyo usimwekee kiwango. Wali mweupe na maharage vipo jikoni siku ya kuku, kumchotea hakukugharimu sufuria mpya. Ukimkataa, aliyekusanya oda ataiacha oda yote kwa ajili ya mwenzake mmoja.

Sasa advansi. Mazoea ni kuandika "advansi nusu". Nusu ya 8,000 ni 4,000, na wewe unatumia 4,800 kabla hata sufuria haijapanda jikoni. Yule wa sahani ishirini angekuachia 80,000, wewe umeshatumia 96,000, bado ungebaki na hasara ya 16,000 na chungu cha pilau. Kazi ya advansi ni kulipia mchele, nyama na kontena utakazonunua jioni ya kuamkia siku ya oda, kwa hiyo lazima ifikie gharama hiyo. Kwako ni 4,800 mpaka 5,000.

Ndiyo maana nakushauri uachane na asilimia. Andika shilingi: advansi ni 5,000 kwa kila sahani, iwe pilau, kuku au samaki. Anayekusanya hela ofisini, mara nyingi katibu muhtasi au yule mwenzao mchangamfu wa uhasibu, atazidisha kichwani palepale: sahani 12, elfu 60. Ukimwandikia asilimia 60 ya oda yenye pilau sita na kuku sita, atahitaji kikokotoo, kisha atakuuliza, kisha atakuambia "ngoja nirudi kwako". Harudi. Faida nyingine ni kwamba anaweza kukusanya elfu tano tano kwa wenzake bila kubishana nani anadaiwa ngapi, na salio linabaki 3,000 kwa pilau na 4,000 kwa kuku au samaki.

Saa ya kufunga oda inategemea unanunua saa ngapi. Kama unaingia sokoni saa 11 jioni, funga saa 10 jioni siku iliyotangulia. Oda za Jumatatu zifunge Ijumaa saa hiyohiyo, kwa sababu ukisubiri Jumapili hakuna mtu ofisini wa kukuhakikishia idadi, na aliyeagiza anaweza kuwa harusini simu iko kwenye mkoba.

Maneno yenyewe sasa. Instagram inaonyesha mwanzo tu wa kapsheni, kama herufi 125 ukihesabu na nafasi, kisha inaficha mengine mpaka mtu aguse. Wengi hawagusi. Basi mstari wa kwanza ubebe yale yanayomwambia mtu kama hili linamhusu: ni chakula cha ofisi, kuanzia sahani ngapi, bei gani, anaagiza lini. "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu" inakula zaidi ya robo ya nafasi hiyo na haijauza kitu. Na tafadhali usiandike "bei njoo inboksi". Anayeagizia wenzake 12 anahitaji bei ya kuwaonyesha sasa hivi, na kama hana, ataonyesha ya jirani yako.

Mimi ningeandika hivi:

> Chakula cha mchana ofisini, kuanzia sahani 12. Pilau 8,000. Agiza leo kabla ya saa 10 jioni, ule kesho.
>
> Pilau ya nyama na kachumbari: 8,000
> Wali, robo kuku, maharage na mchicha: 9,000
> Ugali, samaki wa kukaanga na mchicha: 9,000
> Chagueni chakula kimoja au mchanganye, ila kila kimoja kianzie sahani 4. Asiyekula nyama ana wali maharage 6,000, hata akiwa peke yake.
>
> Mko wachache? Unganeni na ofisi jirani ya jengo lenu mfikie 12. Oda moja, mtu mmoja wa kupokea.
>
> Advansi ni 5,000 kwa kila sahani. Tunaanza kununua vitu pesa ikishaingia. Salio mnalipa chakula kikifika mapokezi.
> Mkiahirisha kabla ya saa 10 jioni, advansi inahamia siku nyingine au tunawarudishia yote. Baada ya hapo tunaenda sokoni, hairudi. Tukishindwa sisi kuleta, inarudi yote siku hiyohiyo.
>
> Tunafikisha Posta, Upanga, Kinondoni na Sinza, kati ya saa 6:15 na 6:45 mchana. Usafiri umo ndani ya bei. Oda za Jumatatu zinafungwa Ijumaa.
>
> Lipa Namba iko kwenye picha. Jina litakalotokea ni (jina la biashara yako).
> Kuagiza, tutumie WhatsApp: siku, jengo na ghorofa, idadi ya kila chakula, na jina na simu ya atakayepokea.

Nikueleze mambo machache humo ambayo usiyaondoe hata ukifupisha.

La kwanza ni ile mistari ya kurudisha na kutorudisha pesa. Uliogopa kuonekana mkali, na kweli "ADVANSI HAIRUDISHWI" kwa herufi kubwa inamfanya mtu ashike simu yake vizuri. Kinachoudhi ni kusikia upande mmoja tu. Mteja akiona kuna saa ambayo kabla yake pesa yake ni yake, na akaona wewe nawe umejifunga kurudisha yote ukishindwa, sharti linakuwa la kawaida. Nimetaja sababu kwa maneno mawili, "tunaenda sokoni", na inatosha. Usiongeze hadithi ya wateja waliokutenda. Msomaji mpya hajakutenda kitu, na ukimsimulia machungu ya wengine atahisi anashukiwa.

La pili ni jina litakalotokea. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo mtu anayeombwa elfu 60 na jiko ambalo hajawahi kula chakula chake anasoma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la kaka yako wakati kapsheni inasema jina la biashara, anaghairi, na hatakuambia sababu. Kama bado unapokea kwa namba ya kawaida, andika jina kamili la usajili wa laini hiyo. Lakini mimi ningekuhimiza uchukue Lipa Namba ya biashara. Kwenye namba ya kawaida utaanza kuomba "na ya kutolea", na ombi hilo kwa ofisi linakushusha hadhi kuliko faida yake.

Nawe ujilinde upande wako. Skrinshoti ya muamala siyo pesa, na ujumbe wa mfano wa ule wa mtandao mtu anaweza kuuandika mwenyewe akakutumia kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako kwanza, ndipo ujibu "tumepokea". Sentensi ya "tunaanza kununua vitu pesa ikishaingia" nimeiweka kwa ajili hiyo, ili ukiwa unasubiri usionekane unamsumbua mtu.

La tatu ni salio mapokezi. Usiandike "salio baada ya kula". Boda atafika chini ya jengo, mlinzi atamwambia asubiri, aliyeagiza yuko kikaoni, wenzake wanashuka kuchukua chakula na kila mmoja anasema "hela iko kwa fulani". Ukiwa na jina na simu ya mpokeaji tangu siku iliyotangulia, unampigia saa 5 asubuhi kumkumbusha salio, na mzigo unakabidhiwa akishalipa. Hilo la kupiga simu halina haja ya kuandikwa kwenye kapsheni, ni la kufanya.

Ijumaa inahitaji mstari wake. Waislamu ofisini wanatoka kwenda swala, wengi wanarudi saa 7 na kitu, na chakula kilichofika saa 6:15 kinawakuta kimepoa. Ijumaa ndiyo siku ya pilau na biriani hapa Dar, kwa hiyo ni siku yako kubwa, usiiharibu kwa saa. Kwenye posti ya Alhamisi ongeza: "Ijumaa tunafikisha saa 7:30 mchana, mkitaka mapema semeni wakati wa kuagiza." Ramadhani ikiingia, kapsheni hii iweke pembeni kabisa, kwa sababu kufikisha watu 12 wanaokula mchana katika ofisi moja kunakuwa kugumu, na pengine utauza futari ya kupeleka nyumbani kwa masharti mengine.

Weka pia kikomo cha juu, kwa mstari mmoja: "Zaidi ya sahani 40, tuambieni siku mbili kabla." Hiyo 40 ni ya kwangu, wewe weka idadi ambayo sufuria zako na boda mmoja wanaiweza bila kukodi bajaji. Bajaji ikiingia, hesabu ya 25,000 inabadilika.

Kwa WhatsApp usibandike kapsheni nzima kwenye status. Watu wanaitazama huku wanapita, na inatoweka baada ya saa 24. Gawanya: picha ya pilau yenye mstari wa kwanza, kisha picha ya bei, kisha advansi na namna ya kulipa. Posti ya kwanza iende saa 5 na nusu asubuhi, watu wanapoanza kuulizana leo tunakula nini, maana aliyekosa cha maana leo ndiye anayeagiza cha kesho. Ukumbusho uende saa 8 na nusu mchana: "Imebaki saa moja na nusu kufunga oda za kesho."

Kitu kingine kitakachokupunguzia maswali ni kiungo kinachofungua WhatsApp yako na ujumbe ulioandikwa tayari, mteja anajaza tu. Kinaandikwa hivi, namba ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Oda%20ya%20ofisi.%20Siku:%20Jengo:%20Pilau:%20Kuku:%20Samaki:%20Mpokeaji:
```

Kwenye kapsheni ya Instagram kiungo hakibonyezeki, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu wa ukurasa wako na kwenye kapsheni useme "bonyeza kiungo kwenye wasifu". Kwenye status ya WhatsApp kinabonyezeka.

Ukishaanza kutumia kapsheni hii, wasikilize wanaokuandikia, watakuonyesha pa kurekebisha. Wakiendelea kuuliza "bei?" na bei imeandikwa, mstari wako wa kwanza umejaa kitu kingine, au picha imechukua macho yote, iandike bei juu ya picha. Wakiuliza "naweza kupata sahani tano?", hapo kapsheni imefanya kazi, mtu anajua kiwango na anajaribu bahati. Mjibu bila kujitetea: "Karibu dada. Tunaanzia 12 kwa sababu ya usafiri. Kesho kuna oda nyingine jengo lenu, nikiwaunganisha mtalipa bei ileile." Lakini mwambie hivyo ikiwa kweli ipo. Kama hakuna, mwambie hakuna. Ukimkubalia tano leo kwa huruma, Jumatatu ofisi nzima ya jirani inajua kwamba 12 ni maneno tu.

Kundi la tatu ni wale wanaokubali kila kitu kisha wananyamaza kwenye advansi. Usidhani wote ni wababaishaji. Sikiliza neno la mwisho waliloandika. Aliyeuliza "hii namba ni ya nani?" ana shaka, na dawa yake ni lile jina. Aliyeuliza "mna TIN?" au "mnatoa risiti ya EFD?" analipiwa na kampuni, na kampuni haitoi elfu 60 kwenye simu ya mtu saa 9 alasiri. Huyo anahitaji profoma, sahihi ya bosi, pengine na LPO, yaani hati ya kampuni ya kuagizia. Kwa ajili yake ongeza mwishoni: "Ofisi inayolipa kwa profoma, tuandikieni siku tatu za kazi kabla." Advansi yake iingie benki kabla ya saa ileile ya kufunga oda. Wengine watakuomba upike kwa LPO na kulipwa mwisho wa mwezi. Piga hesabu kwanza: sahani 12 kila siku ya kazi kwa mwezi ni kama sahani 260, na gharama ya vitu peke yake inapita shilingi milioni 1.2 kabla hujaona senti. Kama huna mtaji wa kukaa nje kiasi hicho, kataa kwa adabu na umpe njia ya kulipa kila wiki mbele.

Mwisho, andika mwezi karibu na bei, "Bei za mwezi huu", na utaje mwezi wenyewe. Posti ya Instagram haifutiki yenyewe. Mchele ukipanda, kuna mtu ataifukua ile ya miezi minne nyuma, atakutumia picha yake na kudai pilau ya 8,000. Ukipandisha bei, rudi kwenye posti ya zamani uhariri kapsheni yake, na uangalie upya ile 5,000 ya advansi. Siku gharama ya sahani ikifika 5,500, advansi nayo ipande siku hiyohiyo.